Mchoro wa umwagiliaji wa matone kwa bustani ya mita 12 kwa 20: tanki, filta, bomba kuu na presha

Malalamiko yanayotufikia kila kiangazi, kuanzia Zinga na Kerege hadi Kiromo, ni yale yale: mpira wa matone umenunuliwa, tanki limepandishwa, miche karibu na tanki imenawiri, na ile ya mwisho wa tuta inanyauka saa nne asubuhi. Lawama huenda kwa mpira. Mara nyingi mpira hauna kosa lolote. Presha imeishia njiani kabla ya kuufikia, na imeishia pale ambapo mchoro ungeonyesha mapema, kama mchoro ungekuwapo.

Mwongozo huu unachora bustani moja tu kwa ukamilifu: eneo la mita 12 kwa 20, udongo wa kichanga wa Bagamoyo, matuta 10 ya nyanya, na tanki la lita 1,000 linaloshusha maji kwa uzito wake bila pampu. Bamia, biringanya na pilipili hoho zinakaa kwenye mchoro huu huu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Tanki jeusi la plastiki la lita 1,000. Linalopitisha mwanga litaota ukijani ndani, na ukijani ndio unaoziba matundu.
- Mnara wa mita 1.5.
- Mpira mweusi mgumu wa inchi moja (milimita 32), mita 20.
- Filta ya diski ya inchi moja, namba 120.
- Koki moja ya inchi moja, ya mkono wa kugeuza robo mzunguko.
- Tii mbili na elbo za inchi moja, pamoja na vifuniko viwili vya kufungua kwa mkono.
- Mpira wa matone wa milimita 16 wenye tundu kila sentimita 30, mita 220. Matuta yanatumia mita 200. Zilizobaki ni za kukata, kukosea na kuziba.
- Konekta 10 za milimita 16 zenye koki ndogo, na raba zake 10.
- Kekee, na biti inayolingana na zile raba. Mwulize muuzaji namba ya biti palepale dukani.
- Vigingi vya waya, utepe mweupe wa mafundi bomba, futi kamba.
- Mpira mwangavu, ule ambao mafundi ujenzi hupimia usawa, mita 15.

Huo wa mwisho ndio watu huuruka, na ndio kifaa muhimu kuliko vyote kwenye orodha. Utaona kwa nini.

Dukani, soma maandishi ya mpira wa matone. Tafuta wa kawaida, unaotoa lita 1.6 kwa saa kwenye presha ya baa 1. Usikubali wenye matundu yanayojirekebisha presha, hata kama ni ghali zaidi na muuzaji anausifia. Matundu hayo yanahitaji takriban nusu baa ndipo yafanye kazi sawasawa. Tanki lako halitaifikia.

## Presha ni urefu

Kila mita 10 za maji zilizosimama wima zinatoa baa 1. Kwa hiyo mita 1 ni sehemu ya kumi ya baa. Tanki la lita 1,000 juu ya mnara wa mita 1.5, likijaa, uso wa maji uko kama mita 2.6 kutoka ardhini. Likikaribia kuisha, unabaki na mita 1.5. Hiyo ndiyo presha yote uliyonayo: kati ya baa 0.15 na 0.26.

Tanki la lita 5,000 lililokaa chini halikuongezei chochote. Linatoa maji kwa muda mrefu zaidi, ila kwa unyonge zaidi.

Kwa presha hiyo, tundu lililoandikwa lita 1.6 litatoa kati ya lita 0.6 na 0.8 kwa saa. Usishtuke, inatosha. Kila tuta la mita 20 lina matundu kama 67, yote 10 yana matundu 670, na bustani nzima inakunywa karibu lita 470 kwa saa tanki likiwa nusu.

Ukiwa na presha ya mita 2, kila sentimita ina thamani. Lita 470 hizo zikipitishwa kwenye mpira wa nusu inchi kwa mita 20, msuguano peke yake unakula zaidi ya nusu mita ya presha, yaani robo ya ulichonacho au zaidi. Zikipitishwa kwenye mpira wa inchi moja kwa umbali ule ule, zinapotea sentimita tano au sita. Ndiyo maana orodha yetu haina bomba la nusu inchi popote, hata kipande kifupi cha kuunganishia filta.

## Mchoro wenyewe

```
           UPANDE WA JUU WA SHAMBA
                  [TANKI]
                     |
                   (koki)
                     |
                   (filta)
                     |
                    tii-----kipumulio
                     |
K===o==o==o==o==o===tii===o==o==o==o==o===K
    |  |  |  |  |         |  |  |  |  |
    |  |  |  |  |         |  |  |  |  |
    |  |  |  |  |         |  |  |  |  |
    x  x  x  x  x         x  x  x  x  x
           UPANDE WA CHINI WA SHAMBA

K  kifuniko      o  konekta yenye koki
=  bomba kuu     |  mpira wa matone, mita 20
x  mwisho uliokunjwa
```

Uchore kwenye karatasi ukiwa na vipimo vya shamba lako. Bomba kuu linalala kwenye upande mfupi wa mita 12. Mipira ya matone inafuata matuta ya mita 20, ikiachana mita 1.2, wa kwanza na wa mwisho ikae sentimita 60 kutoka ukingoni.

Maji yanaingia bomba kuu katikati, si pembeni. Hivyo kila nusu inabeba maji ya matuta matano tu, na tuta la mbali kabisa liko mita 5.4 kutoka kwenye tii badala ya karibu mita 11.

## Hatua ya 1: Pima mteremko kabla ya kuchimba chochote

Jaza maji mpira mwangavu, watu wawili wakishika ncha, toeni viputo vyote vya hewa. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja daima, hata ardhi idanganye macho. Simamisheni ncha moja kwenye kona, nyingine kwenye kona inayofuata, halafu pimeni kwa futi kamba urefu wa maji kutoka ardhini kila upande. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo mteremko. Mpira wa mita 15 haufiki mita 20 za tuta, kwa hiyo upande huo pimeni kwa vipande viwili na kujumlisha.

Unatafuta mambo mawili. Pale bomba kuu litakapolala, tofauti isizidi sentimita 10 kutoka ncha hadi ncha. Na kwenye urefu wa tuta, ardhi iwe tambarare au ishuke taratibu kwenda mbali na tanki, isizidi sentimita 40 kwa mita 20.

Ikishuka zaidi ya hapo, mwisho wa tuta utapata maji mengi kuliko mwanzo. Zungusha matuta yafuate usawa wa mteremko, bomba kuu ndilo lishuke, kisha tumia koki ndogo kubana matuta ya chini. Ikipanda kwenda mbali na tanki, hamisha tanki. Hakuna dawa nyingine: tuta likipanda nusu mita wakati presha ni mita 2, mche wa mwisho unapata pungufu kwa zaidi ya asilimia 10, na hali inazidi kuwa mbaya kadiri tanki linavyoshuka.

## Hatua ya 2: Mnara

Lita 1,000 za maji ni tani moja. Kwenye mchanga, miguu ya mnara huzama upande mmoja baada ya mvua za kwanza za masika, tanki likaegemea. Chimba mpaka udongo ulioshikana, weka zege chini ya kila mguu, au jenga kwa tofali. Mirunda ni rahisi, ila mchwa wa pwani hawaulizi.

Sakafu ya juu iwe bapa na imejaa. Mbao zenye nafasi kati yake huacha kitako cha tanki kikining'inia, na baada ya miezi kadhaa kinapasuka kwenye kona.

Umefaulu ikiwa tanki likijaa na kukaa usiku mzima, usawa wake haujabadilika asubuhi.

## Hatua ya 3: Koki, filta na kipumulio

Teremsha mpira wa inchi moja kutoka tundu la tanki hadi urefu wa kiuno. Hapo weka koki, kisha filta. Isikae juu karibu na tanki: filta isiyofikika kwa mkono haisafishwi. Angalia mshale uliochorwa kwenye mwili wake. Uelekee maji yanakokwenda.

Acha nafasi ya kufungua kifuniko cha filta bila kukata bomba. Linasikika kama jambo dogo mpaka siku umeibana kwenye ukuta wa mnara.

Mbele ya filta weka tii, na kwenye mdomo wake wa tatu unganisha mpira mwangavu uliofungwa wima kwenye mguu wa mnara, ncha yake ikiwa wazi na juu kuliko mdomo wa tanki. Hicho ni kipumulio, na kina kazi mbili. Ukifunga koki, maji yaliyobaki kwenye mipira yanaendelea kushuka na kuvuta nyuma yake. Bila pa kuvuta hewa, yanavuta matope kupitia matundu. Kuna watu wanaobadilisha mpira wa matone kila msimu wakidhani maji yao ni machafu, kumbe tope linaingia kwa nje.

Kazi ya pili: urefu wa maji ndani ya kipumulio ndio presha yako, inaonekana kwa macho. Saa ya presha ya dukani imechorwa hadi baa 6 au 10, na kwenye baa 0.2 mshale wake haujitikisi.

## Hatua ya 4: Bomba kuu na matundu ya konekta

Laza mpira wa inchi moja juani saa moja kwanza, unyooke. Utandaze, uufunge kwa vigingi, kisha weka alama 10 za konekta kwa futi kamba, zote kwenye mstari mmoja. Mpira ukijisokota wakati wa kutoboa, konekta moja inatazama juu na nyingine inatazama jirani.

Toboa kipande cha majaribio kwanza. Raba iingie kwa kulazimisha kwa dole gumba. Ikiteleza kirahisi itavuja, na tundu likishakuwa kubwa hakuna kurudi nyuma. Toboa ukuta mmoja tu, usitokeze upande wa pili.

Vumbi la plastiki linalobaki ndani ni adui mkubwa kuliko mchanga wa kisimani, kwa sababu limezaliwa mbele ya filta na hakuna kitakacholizuia. Kwa hiyo kabla ya kuunganisha mpira wowote wa matone, fungua vifuniko viwili vya mwisho na uachie maji yapite kwa nguvu dakika tano. Kisha weka raba na konekta.

Dalili ya mafanikio: maji yanayotoka ncha zote mbili ni meupe, na yanatoka kwa kiasi kinachofanana.

## Hatua ya 5: Mipira ya matone

Tandaza kila mmoja juu ya tuta, matundu yakitazama juu. Uchafu hutuama chini ya mpira. Tundu likitazama chini linaunywa wote. Usiuvute ukakaza, kwa maana usiku unanywea na kuchomoka kwenye konekta. Acha ulegevu wa kama sentimita 20 kwa tuta zima.

Unganisha kwenye konekta, ila acha ncha ya mbali wazi. Fungua maji, subiri kila ncha itoe maji masafi, ndipo uikunje na kuifunga kwa kipande cha mpira huohuo ulichokikata kama pete. Kifungo hicho kinafunguka kwa sekunde chache wakati wa kusafisha.

## Hatua ya 6: Pima, usikisie

Tanki likiwa nusu, koki zote wazi, subiri dakika 10 mipira ijae. Kisha fanya vipimo viwili.

Presha. Soma urefu wa maji kwenye kipumulio kutoka ardhini. Linganisha na uso wa maji ndani ya tanki. Tofauti ya sentimita 10 hadi 20 ni ya kawaida. Ikivuka nusu mita, kuna kitu kinabana kati ya tanki na kipumulio, na kwa kawaida ni filta. Halafu unganisha kipande cha mpira mwangavu kwenye ncha ya bomba kuu na usome tena. Isipungue zaidi ya sentimita chache, ukizingatia mteremko ulioupima.

Maji. Kata chupa tisa za nusu lita, uchimbe vishimo ziingie chini ya matundu. Weka tatu kwenye tuta la kwanza, tatu kwenye la tano, tatu kwenye la kumi: mwanzo, katikati na mwisho wa kila tuta. Kinga dakika 15, kisha pima kwa sirinji kubwa ya duka la dawa.

Kwa mchoro huu utegemee kama mililita 175 kwa kila chupa. Zote zikiwa kati ya 160 na 190, bustani imekaa sawa. Tuseme umepata hivi kwenye tuta la kumi: mwanzo 172, katikati 168, mwisho 95, na matuta mengine yote yako juu ya 165. Bomba kuu halina kosa, kwa sababu mwanzo wa tuta lile umepata sawa na wengine. Tatizo liko ndani ya mpira ule mmoja, baada ya katikati: umekunjika, kuna uchafu mwishoni, au tuta limeinuka. Fungua ncha kwanza uachie maji. Ndilo jambo rahisi, na mara nyingi ndilo jibu.

Kama tuta zima lingekuwa na 95, ungeshuku konekta yake: tundu halikutoboka vizuri au koki ndogo imefunguka nusu. Na kama chupa zote tisa zingekuwa chini kwa kufanana, usihangaike shambani kabisa. Rudi kwenye filta.

## Muda wa kumwagilia kwenye mchanga

Nyanya iliyozaa, kwenye jua la Januari na Februari na upepo wa kaskazi, inamaliza kama milimita 5 za maji kwa siku. Kwa mita za mraba 240 hizo ni lita 1,200, yaani saa mbili na nusu za mchoro huu. Miche michanga haihitaji hata nusu yake.

Usizitoe kwa mkupuo. Kwenye mchanga maji hushuka wima kuliko kusambaa, na ukiachia saa mbili na nusu mfululizo, sehemu kubwa inapita chini ya mizizi pamoja na mbolea yako. Gawa mara mbili, alfajiri na alasiri, ukijaza tanki katikati. Hivyo pia tanki halishuki sana, na presha inabaki juu. Kwenye udongo mwekundu mzito wa upande wa Muheza mkupuo mmoja unatosha, na matundu ya kila sentimita 40 au 50 yangefaa pia.

Ili kujua kama umepatia, chimba kwa jembe pembeni ya tundu saa moja baada ya kufunga. Unyevu ufike sentimita 30 chini, na duara la tundu moja liguse duara la linalofuata. Yasipogusana, sogeza mche karibu na tundu; kuongeza muda hakutayakutanisha.

## Kinachoharibu mfumo baadaye

Filta ioshwe kila siku wiki ya kwanza. Baadaye kipumulio kitakuambia: kikishuka sentimita 20 chini ya ulichokisoma mwanzo tanki likiwa usawa uleule, fungua uoshe diski. Ncha za mipira zifunguliwe kila baada ya wiki mbili, mbili mbili, si zote kwa pamoja, ili maji yapite kwa kasi ya kusomba uchafu.

Visima vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe vina chokaa. Utaona ukoko mweupe kuzunguka matundu. Uloweke mpira uliochomolewa kwenye siki usiku kucha, kisha usukume maji. Ukoko wa zamani sana hautoki, badilisha kipande.

Chumvi ni habari nyingine, na haihusu matundu. Kisima kilicho karibu na bahari, maji yakianza kuonja chumvi mdomoni, chumvi hiyo inasukumwa na matone hadi ukingoni mwa duara la unyevu na kukaa pale. Mvua nyepesi ya kwanza ya vuli inairudisha kwenye mizizi, na nyanya zinaungua majani siku ambayo kila mtu amefunga koki akishukuru mvua. Siku hiyo acha matone yaendelee mpaka mvua iwe kubwa ya kuisafisha chini.

Panya nao hutoboa mpira wakitafuta maji, hasa tuta likiachwa kavu siku kadhaa. Kata palipotobolewa, unganisha kwa konekta ya kati ya milimita 16, kisha rudia kipimo cha chupa kwenye tuta hilo peke yake.